Asilimia 96 ya Madai Hulipwa. Ni Madai Yapi?

Wakala wa bima ya afya akifika Lumbadzi, Malawi, haichukui muda kabla hajataja asilimia. "Sisi hulipa madai 96 katika kila 100." Huo ndio uwiano wa ulipaji wa madai: idadi ya madai yaliyolipwa, ikigawanywa kwa yote yaliyopaswa kushughulikiwa mwaka huo, pamoja na viporo vya mwaka uliotangulia. Kipimo chenyewe ni halali. Ila huhesabu madai bila kuangalia ukubwa wake, kwa hiyo dai la dawa za malaria na dai la upasuaji kila moja ni dai moja.

Tuchukue kampuni mbili za kubuni. Kila moja imepokea madai 1,000: madai 900 ya matibabu ya kutwa, kila moja kwacha 30,000, na madai 100 ya kulazwa, kila moja kwacha 1,500,000. Jumla yanayodaiwa ni kwacha milioni 177.

Kampuni ya kwanza imelipa madai yote 900 madogo, lakini katika yale 100 ya kulazwa imelipa 60 tu. Hayo ni madai 960, yaani asilimia 96. Fedha iliyotoka ni milioni 117, kama asilimia 66 ya iliyodaiwa. Kampuni ya pili imelipa madogo 820 na ya kulazwa 95. Uwiano wake ni asilimia 91.5, nao kwenye tangazo unaonekana duni. Lakini imetoa zaidi ya milioni 167, karibu asilimia 94 ya fedha yote. Mwenye mgonjwa wa kulazwa angenusurika zaidi kwa hii ya pili. Kwa hiyo mwulize wakala maswali mawili: uwiano huo kwa thamani ya fedha ni kiasi gani, na kwa madai ya kulazwa peke yake ni kiasi gani?

Kipimo cha pili hulinganisha fedha ya madai na michango iliyokusanywa. Kikiwa chini sana, wateja wanachanga kingi na kurudishiwa kidogo. Kikikaribia asilimia 100 au kupita, kampuni inatoa karibu yote inayoingiza kabla ya kulipa mishahara na kodi ya ofisi. Mwaka unaofuata itapandisha michango, itabana madai, au itakwama. Ndiyo maana mlipaji mkarimu kupita kiasi naye ni wa kuangaliwa.

Kukwama huko si jambo la kufikirika. Mwezi Aprili 2022, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Kenya iliiweka kampuni ya Resolution, iliyojulikana hasa kwa bima ya afya, chini ya msimamizi maalumu, kwa kuwa ilishindwa kutimiza wajibu wake kwa wateja na wadai. Mamlaka hiyo hutoa takwimu za madai kila robo mwaka, kampuni kwa kampuni. Nchini Malawi, msimamizi wa bima ni Benki Kuu. Hakikisha kwanza kwamba anayekuuzia ana leseni ya benki hiyo.

Hata hivyo, dalili za mapema huonekana kwenye dirisha la malipo la hospitali kabla hazijafika kwenye ripoti. Hospitali ndiyo inayotibu leo na kusubiri fedha. Isipolipwa miezi kadhaa, huanza kudai amana kwa wenye kadi ile, kisha huikataa kabisa. Nenda Lilongwe kwenye hospitali unayokusudia kutibiwa, umwulize karani: "Kadi hii mnaipokea? Mgonjwa wa kulazwa mnamdai amana?" Jibu lake ni la wiki hii, ilhali ripoti ni ya mwaka uliopita.

Kwa mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuna mengine. Kituo cha afya cha kambini hutibu bure, hivyo bima ina maana pale tu inapofungua mlango mwingine. Kama hospitali zote za orodha ziko Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka kambini, hesabu nauli na kibali cha kutoka. Tena jina lako kwenye kadi ya bima lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho cha ukimbizi. Tofauti ndogo inatosha kulisimamisha dai.

Mwisho, soma sababu za kukataa. Madai mengi hukataliwa kwa sababu zilizoandikwa tangu awali kwenye mkataba: ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga, kipindi cha kungoja, ambacho kwa uzazi huwa kirefu, au kulazwa bila idhini ya kampuni. Dai la namna hiyo halilipwi hata na kampuni yenye uwiano bora kuliko zote. Kwa hiyo taja ugonjwa unaokuhusu, uliza utalipiwa kuanzia lini na hadi kiasi gani, na jibu lije kwa maandishi kabla hujatoa mchango wa kwanza.