Jalada la Albamu Katika Sentimita Moja

Fungua programu ya muziki kwenye simu yako, kisha utafute albamu yoyote. Katika orodha inayojitokeza, jalada lake ni kijipicha cha mraba chenye upana wa takriban sentimita moja, sawa na ukucha wa kidole gumba. Ukiugusa wimbo ukaanza kucheza, jalada lilelile hupanuka hadi sentimita sita au saba. Faili ni moja. Wasambazaji wa muziki wa mtandaoni kwa kawaida huomba picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000, na picha hiyohiyo ndiyo hupunguzwa ili ienee kila mahali. Hakuna nafasi ya kupeleka jalada moja la udogoni na jingine la ukubwani.

Mwanamuziki wa kujitegemea, asiye na lebo ya kumwamulia, hupokea rasimu mbili au tatu kutoka kwa mbunifu na kulazimika kuchagua peke yake. Ushauri atakaousikia kwa kila mtu ni mmoja: kuza jina lisomeke. Ushauri huo unafaa kwa majalada fulani na unayaharibu mengine. Jina linaweza kuwa kubwa kabisa, au likawa dogo kabisa, au lisiwepo, na jalada bado likafanya kazi. Kinachoharibu ni jina la ukubwa wa katikati: ni dogo mno kusomeka katika sentimita moja, na ni kubwa mno kutoweka, kwa hiyo linabaki kama doa juu ya picha.

Tatizo hili limekuja na simu. Santuri kubwa ilikuwa na bahasha yenye upana wa sentimita 30 hivi, na mbunifu angeweza kuijaza mji mzima wa watu. Mnigeria Ghariokwu Lemi, aliyechora majalada mengi ya Fela Kuti, alifanya hivyo hasa. Katika jalada la *Beasts of No Nation* la mwaka 1989, wanasiasa wakubwa wa enzi hizo wameota pembe, na jicho linaweza kuzunguka kwa muda mrefu kabla ya kumaliza kuona yote. Ni kazi iliyotengenezwa ili ishikwe kwa mikono miwili. Ipunguze hadi sentimita moja, pembe zinapotea, nyuso zinapotea, inabaki rangi iliyochangamka tu.

Linganisha na *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, ya mwaka 1973: mandhari meusi, pembetatu moja, mwanga unaingia upande huu na kutoka upande ule ukiwa rangi za upinde wa mvua. Upande wa mbele hauna jina la bendi wala la albamu. Lilibuniwa kwa bahasha ileile ya sentimita 30, lakini ukilipunguza hadi ukubwa wa ukucha bado unalijua. Hii haimaanishi kwamba kazi ya Lemi ni duni. Ina maana kwamba wazo lake limo ndani ya mambo madogomadogo, ilhali wazo la lile jingine limo katika umbo moja. Udogo huyafuta madogomadogo kwanza, na umbo huwa la mwisho kupotea.

Zamani ni bendi zilizokwisha kupata umaarufu zilizoweza kuthubutu kuacha jina, kwani mnunuzi dukani angejuaje anachokishika? Leo programu yenyewe huandika jina la albamu na la msanii kando ya kijipicha, kwa herufi safi zinazosomeka. Kwa hiyo hata msanii asiyejulikana anaweza kuliondoa jina juu ya jalada bila msikilizaji kupotea. Kazi ya kutambulisha kwa maandishi imekwisha kufanywa. Iliyobaki kwa picha ni kumfanya mtu asimamishe kidole, na siku nyingine ailenge moja kwa moja bila kusoma.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana usomekaji unapimika. Mtu mwenye macho mazuri akiishika simu umbali wa sentimita 35 hivi, herufi yenye kimo cha nusu milimita ipo kwenye mpaka wa uwezo wake: anaweza kuibahatisha akikaza macho. Ili asome bila jitihada, herufi inahitaji kimo cha milimita moja hadi moja na nusu. Kijipicha kina milimita kumi. Kwa hiyo herufi kubwa za jina zinapaswa kuwa na kimo kisichopungua sehemu moja ya kumi ya jalada zima, na zikifika sehemu moja ya saba ni bora zaidi. Katika faili la pikseli 3000, hizo ni pikseli 300 hadi 430 kwa kimo cha kila herufi. Mbunifu anayelitazama jalada likiwa limejaza kioo cha kompyuta huona herufi za pikseli 150 kuwa kubwa za kutosha. Kwenye simu zimekwisha kuwa nusu milimita.

Tuchukue mfano. Mwanamuziki wa Dar es Salaam ana albamu anayotaka kuiita *Maji Hayasahau Njia*. Nyimbo zake zinahusu mafuriko ya bonde la Mto Msimbazi, na familia zinazorudi katika nyumba zilezile maji yakishapungua. Mbunifu amemletea rasimu tatu.

Rasimu ya kwanza ni picha ya msanii mwenyewe, amesimama barabarani penye madimbwi, na jina limeandikwa chini kwa mwandiko wa kujipinda wa rangi ya dhahabu. Ukubwani inapendeza. Katika sentimita moja, msanii ni kijiti chenye kichwa, na jina ni mchirizi wa kahawia usiosomeka. Tena wazo lenyewe ni dhaifu: ondoa jina, na picha hiyo ingefaa albamu yoyote ya mtu yeyote.

Rasimu ya pili ni jina tupu, maneno matatu katika mistari mitatu, herufi nyeupe juu ya buluu. Neno refu zaidi, HAYASAHAU, lina herufi tisa. Likitandazwa katika milimita nane za upana, kila herufi inapata chini kidogo ya milimita moja ya upana na kimo cha karibu milimita moja na robo. Linasomeka. Lakini mistari mitatu ya kimo hicho pamoja na nafasi kati yake inakula zaidi ya nusu ya jalada, na nusu iliyobaki haitoshi picha yenye maana. Jalada likipanuka hadi sentimita saba, msikilizaji hapati cha kutazama zaidi ya kile alichokwisha kusoma.

Rasimu ya tatu ni ukuta wa sebule. Theluthi mbili za chini zina rangi ya tope, juu pamebaki chokaa, na mpaka wa rangi hizo mbili ni alama iliyoachwa na maji. Fremu tatu za picha za familia zimetundikwa palepale kwenye mpaka, nyuso zilizo chini ya mstari zimefutika na zilizo juu zimebaki. Katika sentimita moja unaona mikanda miwili ya rangi na miraba mitatu myeusi juu ya mstari. Huelewi yote, lakini umbo limeshika. Ukilifungua likawa sentimita saba, unaelewa kilichotokea ndani ya nyumba ile. Hilo ndilo wazo lenye nguvu: linaonekana kabla halijaelezwa, na linaongezeka kadiri unavyolikaribia.

Kosa la rasimu hii ni moja. Mbunifu, kwa kuogopa kwamba jina litapotea, ameliandika kwenye chokaa kwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukihesabu nafasi kati ya maneno, jina hilo lina alama kumi na tisa. Zikigawana milimita nane, kila moja inapata upana wa nne ya kumi ya milimita. Halisomeki, lakini ni jeusi, na limekata kipande kile cha chokaa ambacho ndicho kinachoufanya mstari wa maji uonekane. Likikuzwa hadi lisomeke, litazifunika fremu.

Suluhisho liko upande wa pili. Jina lipunguzwe hadi sehemu moja ya arobaini ya jalada, liandikwe kama kwa penseli ukutani, karibu na fremu moja. Katika kijipicha lina robo milimita na rangi hafifu, hivyo linatoweka bila kuacha doa. Katika sentimita saba lina kimo cha karibu milimita mbili, na linasomeka vizuri kama sehemu ya ukuta wenyewe.

Msanii anaweza kuuliza: kwa nini tusiandike MAJI peke yake, kwa herufi kubwa? Kwa upande wa macho amepatia. Herufi nne katika milimita nane zina upana wa milimita mbili kila moja, zinaenea kwenye chokaa, na fremu zinabaki salama. Lakini majukwaa ya muziki hutaka maandishi ya jalada yalingane na jina lililojazwa kwenye fomu, na msambazaji anaweza kulikataa jalada lenye jina lililokatwa. Akilitaka MAJI jaladani, basi albamu nayo iitwe *Maji*. Ndiyo maana urefu wa jina unastahili kujadiliwa na mbunifu kabla ya kazi kuanza, maana jina fupi linanunua nafasi ambayo hakuna fonti itakayoweza kuirudisha baadaye.

Namna ya kujaribu haihitaji mtaalamu. Piga picha ya skrini ya orodha ya albamu kwenye simu yako, bandika rasimu juu ya kijipicha kimojawapo kwa ukubwa uleule, kisha mwoneshe mtu asiyeijua kazi yako kwa sekunde mbili. Usimuulize kama amesoma. Muulize ameona nini. Akitaja umbo au tukio, wazo limefika. Akisema kulikuwa na maandishi fulani, umeshikwa na jina la katikati. Halafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zinazopishana sana kwa jina, kama nyekundu na kijani, zinaweza kuwa na mwanga sawa, na herufi zikazama. Mwisho, ipunguze nuru ya skrini na uitazame juani. Programu nyingi zina mandhari meusi, kwa hiyo angalia pia kama jalada lenye kingo nyeusi halimezwi.

Kuna mahali picha husafiri bila maandishi ya programu kando yake: stetasi ya WhatsApp, bango la onesho, picha inayotumwa kwenye kundi. Huko jina linahitajika, na dawa ni kutengeneza toleo jingine lenye jina kubwa kwa ajili hiyo. Mwombe mbunifu matoleo yote mawili tangu siku ya makubaliano, na akupe faili lenye tabaka zake ili jina liweze kuhamishwa. Jalada la albamu lenyewe lisibebeshwe kazi ya bango.

Kwa hiyo rasimu zikifika, anza na wazo: funika jina kwa kidole na utazame kilichobaki katika sentimita moja. Kama hakuna kilichobaki, kukuza herufi hakutaliokoa jalada hilo, rudisha rasimu. Kama kimebaki kitu, ndipo upime jina. Likienea kwa sehemu moja ya kumi bila kukiharibu, liweke. Lisipoenea, lifanye dogo waziwazi au liondoe, na usikubali ukubwa wowote ulio kati ya hayo mawili.