Pilau ya Watu 40, Maji Kiasi Gani?

Idi ikikaribia, au msimu wa harusi ukianza, mpishi anayejulikana mtaani hupigiwa simu za namna moja: "Shikamoo mama. Pilau nataka kuiongeza, maji niweke kiasi gani?" Aliyepiga ana sufuria yake mbele ya macho, kwa hiyo anaona ameshasema yote. Mama hajui mwenzake huwa anapika kilo ngapi, wageni ni wangapi, wala mchele alionao ni upi. Akijibu haraka "mara mbili ya mchele", anabahatisha, na atakayekula bokoboko ni mgeni.

Mpishi makini hajibu hapo. Anauliza: "Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, kwa kawaida unapikaje?"

Tuseme jibu ni hili: kilo moja ya mchele, kilo moja ya nyama ya mifupa, vitunguu vikubwa vinne, na vikombe saba vya supu, kila kikombe robo lita. Wanakula watu wanane wakashiba. Sasa wageni ni 40. Mchele ni rahisi kuupata: wanane kwa kilo, basi kilo tano. Kama kutakuwa na wali mwingine, ndizi na chapati mezani, hata kilo nne zinatosha, ndiyo maana kutaja idadi ya watu bila kutaja vyakula vingine bado ni nusu ya habari.

Kwenye maji ndipo wengi wanapokwama. Mtu anazidisha saba kwa tano, anapata vikombe 35, anamimina vyote. Pilau inatoka imelowa chini na kupasuka juu. Sababu ni kwamba vile vikombe saba vya nyumbani vilikuwa na kazi mbili. Takriban vitano vilinywewa na mchele, na viwili vilipaa na mvuke. Kinachonywewa huongezeka sawasawa na mchele: kilo tano, vikombe 25. Mvuke hauendi hivyo. Unategemea upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto na muda wa kuchemka, na sufuria ya kilo tano haina mdomo mpana mara tano ya ile ya nyumbani. Vikombe vinne au vitano vya mvuke vinatosha. Jumla ni kama vikombe 30, yaani lita saba na nusu. Humo ihesabiwe supu ya nyama, na mtindi au tui kama vimo. Kuna anayepima maji kwa uangalifu kisha akasahau kwamba nyama imeshaacha lita tatu za supu chini ya sufuria.

Hata hizo lita saba na nusu ni za mchele uliokauka vizuri. Mchele mpya, uliovunwa juzi, hunywa maji machache na hushikana upesi, kwa hiyo anza na vikombe 26 au 27 na uweke maji ya moto pembeni ya kuongezea. Mchele uliolowekwa nusu saa nao umeshakunywa sehemu yake kabla haujaingia jikoni. Ndiyo maana swali la "mchele gani, na umeuloweka?" haliepukiki.

Vitunguu vina shida yao. Rangi ya pilau yetu inatokana hasa na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Vikiwa vinne vinakaangika vizuri. Ukitupa 20 kwa mpigo, vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika, na pilau inatoka nyeupe. Dalili ni kutokusikia mlio wa mafuta, bali mvuke tu. Kaanga kwa mafungu matatu au manne.

Chumvi ionjwe kwenye supu kabla ya mchele kuingia: iwe imekolea kidogo kupita ile unayoweza kuinywa kwa raha, kwa sababu mchele utaipunguza. Karafuu na mdalasini vianze na robo tatu ya hesabu, kwani katika sufuria kubwa viungo hukaa motoni muda mrefu zaidi. Bizari nyembamba zidisha tu bila wasiwasi.

Kwa hiyo ukimpigia mpishi, mwambie hivi: "Kwa kilo moja ya mchele wa Mbeya wa mwaka jana huwa naweka vikombe saba. Sasa nina wageni 40, chakula ni pilau na kachumbari tu, na sufuria niliyoazima ni ya lita 30." Atakujibu kwa dakika moja. Na kama mchele umenunua mpya, pika nusu kilo yake siku mbili kabla ya shughuli na uhesabu vikombe.