Mguu Mlangoni, Mkono Mfukoni: Namna Simu Inavyopotea Mtu Apandapo Taksi

Katika ofisi ya uhusiano na jamii tunapokea watu wengi waliopoteza simu katika msongamano wa Kampala. Kila mmoja huulizwa swali moja: mara ya mwisho uliigusa wapi? Walio wengi hawataji kichochoro chenye giza wala usiku wa manane. Hutaja mlango wa taksi, saa kumi na moja jioni, mbele za watu hamsini. Kwa sababu hiyo makala haya yatakaa zaidi mlangoni hapo.

Taksi yetu ya abiria kumi na wanne ina mlango mmoja mwembamba ubavuni. Saa za kutoka kazini, abiria hukusanyika hapo kabla gari halijasimama sawasawa. Mkono mmoja wa abiria umeshika mfuko wa mboga, wa pili unatafuta pa kushikilia, na macho yote yako kwenye kiti kilichobaki. Mwizi wa mfukoni hana nguvu za ajabu. Anachohitaji ni nukta chache ambazo mwili wako tayari unasukumwa na kuguswa na wengi, hata mguso mmoja zaidi usiutambue. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na watu wawili au watatu. Wa kwanza hupanda mbele yako, kisha husimama ghafla kwenye kidato kana kwamba ameangusha kitu au anabishana na kondakta kuhusu nauli. Wewe unagota mgongoni kwake. Wa pili, aliye nyuma yako, anasukuma. Katika kubanwa huko simu inaondoka, na yule wa mbele anasema, "Samahani, nimekosea gari," akateremka.

Dalili yake basi ni tendo, wala si sura ya mtu. Ukiona aliye mbele amesimama bila sababu huku wa nyuma wakisukuma ilhali viti bado vipo, rudi hatua moja pembeni uwaache wapite. Mwenye haja ya safari ataingia aketi. Mavazi, umri, kabila, lugha na kazi ya mtu havikuambii lolote. Nimewahi kushuhudia watuhumiwa waliovaa suti na tai, na nimewahi kuona simu ikirudishwa na kijana mchukuzi ambaye abiria wote walimkwepa.

Kujikinga kunaanza hatua ishirini kabla ya kituo. Simama dukani au ukutani, itie simu ndani ya mfuko wenye zipu, uuvute mfuko huo mbele ya tumbo, na nauli ishike mkononi ikiwa peke yake ili usifungue pochi mlangoni. Kisha usiiguse tena. Watu wengi, wakisikia onyo la "angalieni wezi", hupapasa mara moja mahali walipoweka mali yao; anayetazama huwa ameonyeshwa njia.

Ukishaketi, hatari huhamia dirishani. Simu hunyakuliwa pale gari linapoanza kusogea baada ya foleni, kwa kuwa gari lenyewe linakupeleka mbali na aliyekunyang'anya, na huwezi kuteremka kwa wakati. Aliye dirishani na afunge kioo hadi nusu, na kama ni lazima ajibu simu, aishike kwa mkono ulio upande wa ndani, chini ya usawa wa kioo.

Kwa waendao kwa miguu kuna jambo moja linalohitaji busara zaidi. Mkanda wa mkoba uliopitishwa kifuani unafaa sana ndani ya umati, lakini ukingoni mwa barabara unaweza kukuburuta iwapo mkoba utavutwa na mtu aliye juu ya pikipiki. Huko, uning'inize begani upande wa mbali na barabara, na ukivutwa uachie. Magari yetu hushika kushoto. Pasipo na njia ya waendao kwa miguu, tembea upande wa kulia ili uyaone yakija. Hata hivyo, katika foleni, pikipiki hupita pande zote mbili, kwa hiyo usizibe masikio yote mawili kwa vipaza sauti.

Sasa nieleze kisa kimoja. Mama mmoja fundi wa nguo alikuwa akipanda taksi ya Barabara ya Jinja katika kituo cha zamani. Alipoketi akakuta mfuko mtupu, akapiga kelele, "Mwizi!" Wakati huohuo kijana mmoja alikuwa akikimbia kuwahi taksi nyingine. Kukimbia kwake kulitosha. Alipigwa ngumi na mawe kabla askari wawili hawajamtia katika chumba cha walinzi. Alipopekuliwa alikutwa na vitabu viwili na nauli yake. Nilipomuuliza yule mama aliona nini hasa, alifikiri kitambo, akasema, "Afande, niliona mgongo wa shati la buluu mbele yangu tu." Kijana alikuwa na fulana nyeupe. Alishonwa nyuzi saba, na mama yule alilia kwa ajili yake kuliko alivyolilia simu.

Tangu siku hiyo nawashauri watu wapaze sauti kwa maneno mengine: "Simu yangu imechukuliwa! Kondakta, simamisha gari!" Neno "mwizi" huwafanya watu watafute wa kumpiga. Neno "simu yangu" huwafanya watazame sakafuni, chini ya viti na mikononi, na mara kadhaa simu hutupwa chini na aliyeichukua. Usimnyooshee kidole mtu ambaye hukumwona akitenda.

Simu ya mama huyo haikupatikana, lakini fedha zake zilisalimika, na sababu ni utaratibu alioufuata. Kwanza aliazima simu ya jirani akapigia huduma ya wateja ya kampuni yake, akafungiwa laini pamoja na akaunti ya fedha. Hilo ndilo la kwanza, kwa kuwa laini ikihamishiwa simu nyingine hupokea ujumbe wa kubadilishia nywila zako. Afadhali zaidi laini iwe tayari na nambari ya siri yake yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Huwekwa katika mipangilio ya usalama, na ikikosewa mara tatu laini hujifunga. Pili, aliwaarifu mumewe na dada yake wasitume fedha zitakazoombwa kwa jina lake. Tatu, alikuja kituoni.

Alikuja na karatasi ya boksi la simu, yenye tarakimu kumi na tano zinazoitambulisha. Wewe unaweza kuzipata leo kwa kubonyeza *#06#. Ziandike kwenye daftari nyumbani, maana ndani ya simu yenyewe hazitakufaa ikipotea. Bila tarakimu hizo, hata simu ikikamatwa, ni vigumu kuthibitisha kuwa ni yako. Taarifa yako huandikwa katika kitabu cha matukio, nawe hupewa nambari ya kumbukumbu. Huduma hiyo hailipiwi. Ukidaiwa chochote, omba kumwona mkuu wa kituo.

Siku mbili baadaye mama yule alipigiwa na mtu aliyejidai ameiokota simu, akataka atajiwe nambari ya siri "ili ahakikishe mwenyewe". Alimjibu kwamba aipeleke kituo chochote cha polisi kilicho karibu naye. Mtu huyo hakupiga tena.

Kwa jambo la dharura, piga 999 au 112.