Umepata ofa ya wera lakini una klasi za jioni? Omba masaa tofauti hivi, kabla usaini

Ofa imeingia kwa simu, doo inaeleweka, halafu unacheki pale chini: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Na wewe uko na klasi za CPA tao, zinaanza saa kumi na moja na nusu. Kutoka Industrial Area na ile jam, hiyo nusu saa inaishia ndani ya mathree. Utaomba masaa tofauti lini, na utasema aje?

Rada ya sheria kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 hailazimishi bosi akupe masaa unayotaka juu unasoma. Hiyo ni maelewano yenu. Lakini kifungu cha 10 kinataka masaa ya kazi yaandikwe kwa mkataba, na yakibadilishwa baadaye, bosi aongee na wewe kwanza na akupe mabadiliko kwa maandishi. Ndio maana wakati mzuri wa kuomba ni kabla usaini.

Sasa inategemea unaomba kitu kubwa aje. Ka unaweza kufika siku tatu tu na tangazo limesema tano, hiyo ni wera ingine kabisa. Sema kwa barua ya maombi, laini moja tu: "Niko huru Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nzima." Ukinyamaza mpaka ofa ije, bosi ataona umemzungusha, na kuna wasee wengine kwa foleni.

Lakini ka ni kusongesha saa moja hivi, usianze nayo kwa intaviu ya kwanza. Pale bado wanatafuta sababu ya kupunguza watu. Ngoja ofa. Wakishakuchagua, kuanza kusaka mtu mwingine ni kazi kwao pia. Ila wakikuuliza waziwazi kwa intaviu ka hayo masaa uko sawa, usidanganye. Waambie jioni unasoma, na kwamba uko tayari kuingia mapema.

Ofa ikifika, jibu siku hiyo au kesho yake, kwa maandishi. Hata ukiandika Kizungu, mpangilio ni huu:

"Asante kwa ofa, nimefurahi na niko tayari kuanza tarehe mliyosema. Kabla nisaini, nina ombi moja. Nasoma CPA jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Ningeomba siku hizo niingie saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni, Ijumaa nibaki na masaa ya kawaida. Jumla ya masaa haibadiliki, na hesabu za mauzo ya jana zitakuwa tayari kabla wengine waingie. Tunaweza kujaribu wiki nne, kisha mniambie ka kazi imeathirika."

Cheki vile imekaa. Ofa umeikubali kwanza, so haisikiki ka vitisho. Masaa umetaja kamili, si "naomba mnielewe kidogo", maanake hiyo bosi hajui aikubali aje. Na umemjibu swali ambalo lingemsumbua: nani atafanya kazi ukishatoka? Stori ya fees na shida za nyumbani acha nje.

Akikataa, kuwa na ombi la pili, dogo. Labda siku mbili badala ya nne, zile za somo gumu. Lakini ka kazi yenyewe ni kufunga kaunta saa kumi na moja, hakuna maneno tamu itasaidia. Hapo uliza ka kuna shifti ya asubuhi.

Kwa wale wa siku tatu, piga hesabu kabla bosi akupigie. Ka ofa ni 45,000 kwa masaa 40 kwa wiki, siku tatu za masaa nane ni 24. Hiyo ni asilimia 60, yaani 27,000. Na hapa wengi huchomeka: mshahara unakatwa lakini kazi inabaki ile ya siku tano, so unajipata ukijibu meseji za ofisi Jumanne ukiwa klasi. Kwa ombi lako andika ni kazi gani utafanya na gani itaenda kwa mwingine.

Bosi akikubali kwa simu, shukuru, halafu tuma meseji ukirudia mlichoelewana na uombe mkataba urekebishwe. "Wewe ingia tu, tutaona" haijakuwa ndio bado. Meneja aliyekuahidi akihama, anayeingia atafungua faili yako, na ka pale pameandikwa saa kumi na moja, utabaki mpaka saa kumi na moja.