Mstari Unaotembea Chini ya Ngozi

Katika diko moja la wavuvi kwenye mwambao wa Tanzania, mwanamke wa miaka 34 huketi kila asubuhi chini ya mkungu akipara samaki wa wateja wake. Huifanya kazi hiyo miguu mitupu, na pembeni yake paka wa mtaani husubiri matumbo ya samaki. Siku moja aliona kipele kidogo chekundu kando ya unyayo wake wa kulia. Kilimwasha mno. Baada ya siku chache kipele kiligeuka kuwa mstari mwembamba, mwekundu, ulioinuka kidogo na kujipindapinda kama uzi uliodondoshwa sakafuni. Kila alipoamka, mstari ulikuwa umesogea.

Jambo lililomtisha zaidi ya muwasho ni huo mwendo. Jirani alimwambia kuwa amekanyaga kitu alichotegewa, na shaka ikamwangukia mchuuzi mwenzake ambaye walikuwa wamegombana naye juma lile. Alipaka dawa ya fangasi kwa siku kumi bila nafuu. Kisha akapaka mafuta ya taa, na mwishowe akakubali kuchanjwa kwa wembe kwenye ncha ya mstari ili “mdudu atoke”. Hakutoka chochote. Alipofika zahanati katika juma la tatu, chale zilikuwa zimetunga usaha, na usiku alikuwa halali.

Tabibu aliyempokea hakuhitaji kipimo cha damu wala cha choo. Aliuliza mambo matatu. “Mama, mstari huu unasogea? Unawasha zaidi usiku? Kabla haujaanza ulikanyaga wapi?” Baada ya kujibiwa, alichora alama ya kalamu ya wino kwenye ncha ya mstari na kumwomba arudi kesho yake. Asubuhi ile mstari ulikuwa umeipita alama kwa zaidi ya sentimita moja. Ugonjwa ukawa umejitambulisha wenyewe.

Kinachotembea ni buu wa minyoo ya safura ya paka na mbwa. Minyoo wakubwa huishi katika utumbo wa mnyama, na mayai yao hutoka pamoja na kinyesi. Yakiangukia mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili. Baada ya takriban juma moja mabuu huwa tayari kupenya ngozi, na wanaweza kusubiri mchangani kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana mchanga uliokauka kwa jua kali, au ule unaooshwa na maji kujaa na kupwa, una hatari ndogo kuliko mchanga wa juu ya mstari wa maji, chini ya mti, mahali ambapo paka huja kujisaidia na kufukia kinyesi.

Ndani ya paka, buu huyo angetoboa ngozi, akaingia katika damu na hatimaye kufika utumboni. Kwa binadamu hupotea njia. Hana uwezo wa kuupenya utando ulio chini ya tabaka la juu la ngozi, hivyo hubaki kati ya tabaka hizo akichimba huku na huko, milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa siku. Wekundu na muwasho ni mwitikio wa mwili dhidi yake. Hawezi kukomaa wala kutaga mayai hapo, na mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mwingine kwa kumgusa. Hata bila dawa buu hufa, kwa kawaida baada ya majuma kadhaa, na mara nyingine miezi. Lakini majuma hayo ni ya kukesha na kujikuna, na mahali palipokunwa huingiwa na bakteria.

Hapa ndipo wembe, moto na barafu hushindwa. Wekundu unaoonekana ni njia ambayo buu amekwisha kupita. Yeye mwenyewe huwa mbele ya ncha ya mstari, mara nyingi kwa sentimita moja au mbili, katika ngozi inayoonekana nzima. Anayekata ncha hukata handaki tupu na kuacha kidonda.

Mhudumu wa afya hana budi kutofautisha mstari huu na magonjwa yanayofanana nao. Fangasi wa ngozi hufanya duara lenye magamba, na huchukua majuma kupanuka. Upele huwasha usiku pia, lakini hupendelea katikati ya vidole vya mikono na kwenye viwiko vya mikono, na mara nyingi huwapata watu wengi wa nyumba moja. Funza hukaa mahali pamoja akiwa na kitone cheusi. Mstari unaokimbia kwa sentimita kadhaa ndani ya saa moja, hasa karibu na makalio, hutokana na mnyoo mwingine anayeishi katika utumbo wa binadamu, na mgonjwa huyo anahitaji uchunguzi zaidi.

Mama huyu alikuwa amewahi kununua kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 katika duka la dawa. Muwasho ulipungua kwa siku nne, kisha ukarudi. Kosa halikuwa katika dawa bali katika muda wake. Dozi moja hutumika kwa minyoo ya tumboni, ilhali buu wa ngozini huhitaji albendazoli miligramu 400 kila siku kwa siku tatu hadi saba, ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama wali wa nazi, ili ifyonzwe vizuri.

Njia ya pili ni ivamektini, maikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa dozi moja. Mama alikuwa na kilo 60, hivyo alihitaji miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3. Kabla ya kumpa, tabibu alihakikisha kwa kipimo kuwa si mjamzito. Alisafisha chale na kumwandikia dawa ya bakteria kwa ajili ya usaha. Mwanawe wa miaka minne, aliyekuwa na mistari miwili makalioni kwa kukaa mchangani, alikuwa na kilo 13. Kwa kuwa ivamektini haitolewi kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15, alipewa albendazoli kwa siku tatu.

Mstari wa mama ulikoma kusogea ndani ya siku mbili, na usiku wa tatu akalala. Wekundu uliendelea kufifia kwa takriban majuma mawili, na tabibu alikuwa amemweleza mapema kwamba alama iliyosimama si dalili ya kushindwa kwa dawa. Kinachostahili kumrudisha mgonjwa zahanati ni mstari unaoendelea kurefuka baada ya juma moja, kwani huyo huhitaji dozi ya pili.

Siku hizi mama huyo hupara samaki akiwa amevaa buti za mpira, mwanawe huketi juu ya benchi, na matumbo ya samaki hutiwa kwenye ndoo yenye kifuniko ili paka wasikusanyike. Kinyesi chao huzolewa, na wale wenye wenyewe wamepelekwa kwa daktari wa mifugo kupewa dawa ya minyoo. Yule mchuuzi mwenzake ndiye aliyemwazima buti za kwanza.