Saa nane na nusu inayokuja mara mbili: namna saa ya Ubelgiji inavyowachanganya watu wa Miti

Usiku wa Jumamosi tarehe 24 kuamkia Jumapili tarehe 25 mwezi wa kumi 2026, saa za Ubelgiji zitafika saa tisa kamili ya usiku, kisha zitarudishwa nyuma hadi saa nane. Huko Brussels, saa nzima itahesabiwa mara mbili. Huku Miti, katika wilaya ya Kabare, kaskazini ya Bukavu, hakuna kitakachobadilika. Lakini kwa familia zenye mtoto, dada au mjomba anayeishi Ubelgiji, usiku huo unaweza kuharibu mapatano ya simu, na hakuna upande utakaokuwa umesema uongo.

Miti, kama Bukavu na mashariki yote ya Kongo, iko masaa mawili mbele ya saa ya dunia, ile ambayo kwenye simu huandikwa UTC au GMT. Kinshasa iko saa moja mbele. Kongo haisogezi saa zake, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa hiyo, mtu wa Miti akitazama saa yake anajua kwamba Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, leo na siku zote.

Brussels ndiyo inayohama. Wakati wa baridi inafuata saa ileile ya Kinshasa. Wakati wa joto inasogea mbele na kufuata saa ya Bukavu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa ya Miti na ya Brussels ni moja. Miezi inayobaki, Miti inatangulia kwa saa moja.

Kwa nini wao na si sisi

Sababu ni jua. Miti iko karibu sana na ikweta, kiasi cha digrii mbili tu upande wa kusini. Mchana wake ni wa masaa kama 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata nusu saa. Ndiyo maana hesabu ya Kiswahili inafanya kazi vizuri huku: jua likichomoza ni karibu saa kumi na mbili, na saa moja ya asubuhi inafuata.

Brussels iko mbali kaskazini. Mwezi wa kumi na mbili mchana wake hushuka hadi karibu masaa manane. Mwezi wa sita unazidi masaa 16. Wabelgiji walianza tena kusogeza saa kila mwaka tangu 1977, ili mwanga wa asubuhi mapema, watu wakiwa bado wamelala, uhamie jioni wanapotoka kazini. Leo nchi zote za Umoja wa Ulaya zinafanya hivyo kwa wakati mmoja: inapofika saa 1:00 ya dunia, ambayo Miti ni 3:00, yaani saa tisa ya usiku.

Usiku wa mwezi wa kumi

Chukua mfano wa dada anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee huko Brussels. Mama yao ni mgonjwa Miti, na mdogo wake ndiye anayemlinda. Mdogo anauliza: «Yaya, nikupigie saa ngapi?» Dada anajibu: «Unipigie 2:30, saa yangu ya hapa. Ndiyo nitakuwa kwenye mapumziko.»

Usiku wa kawaida, jibu hilo linatosha. Usiku wa tarehe 25 mwezi wa kumi halitoshi.

Fuata saa ya Miti, maana haisogei. Miti ikiwa 2:00, Brussels pia ni 2:00, kwa kuwa bado iko kwenye saa ya joto. Miti ikiwa 2:30, Brussels ni 2:30. Hiyo ni ya kwanza. Miti inafika 2:59, Brussels pia 2:59. Dakika moja baadaye Miti ni 3:00, lakini Brussels imerudi 2:00. Miti ikifika 3:30, Brussels inasoma tena 2:30. Hiyo ni ya pili.

Mdogo akipiga Miti ikiwa 2:30, ametimiza neno. Dada akingojea hadi 2:30 ya pili, naye ametimiza neno. Kati yao kuna saa nzima, na mgonjwa katikati.

Hapo ndipo siri ya jambo hili ilipo. Watu wanazoea kufikiri kwamba «2:30 ya Brussels» ni wakati wenyewe. Lakini ni jina tu ambalo mahali fulani wanaupa wakati. Siku nyingi za mwaka, kila wakati una jina lake. Usiku huo mmoja, nyakati mbili zinagawana jina moja, kama watoto wawili wa shule moja wanaoitwa Bahati: ukiita bila kuongeza jina la baba, wote wawili wanaitika.

Jina la baba, kwa upande wa saa, lipo. Kwenye karatasi na kompyuta za Ulaya, saa ya joto ya Brussels huwekwa alama CEST au +02:00, na saa ya baridi CET au +01:00. Kwa hiyo 2:30 CEST ni ile ya kwanza, na 2:30 CET ni ile ya pili. Mwenye kuona alama hiyo kwenye tiketi au hati ya usiku huo hawezi kupotea. Mwenye kuona 2:30 peke yake hana njia ya kujua.

Shida hiyo imekwisha kuonekana hospitalini. Mwezi wa kumi na moja 2016, katika jimbo la Massachusetts, Amerika, mapacha walizaliwa usiku wa kurudisha saa. Wa kwanza aliandikwa 1:39, na wa pili, aliyefuata dakika 31 baadaye, akaandikwa 1:10. Anayesoma karatasi tu atamwita mdogo kuwa mkubwa, jambo zito kwa familia yoyote inayojua maana ya Kulwa na Doto.

Usiku wa mwezi wa tatu

Upande mwingine wa mwaka, mambo yanageuka. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, Brussels ilikuwa nyuma ya Miti kwa saa moja. Miti ikiwa 2:59, Brussels ni 1:59. Dakika inayofuata, zote mbili ni 3:00. Saa ya Brussels imeruka. Saa nane na dakika zake zote, hadi tisa kasoro moja, hazikupita kabisa.

Kama dada angesema «2:30» usiku huo, angetaja wakati usiokuwepo. Mdogo angeweza kungoja hadi asubuhi, asione saa yoyote ya Brussels ikisoma 2:30.

Simu nazo hazikubaliani katika hilo. Mtu akiwa ameweka kengele ya 2:30 huko Brussels, programu moja itaisogeza hadi 3:30, nyingine italia palepale saa inaporuka, nyingine itaacha kulia kabisa. Hakuna jibu moja lililo sahihi, kwa sababu swali lenyewe linauliza wakati ambao haukuwepo. Aliyetengeneza programu amelazimika kuchagua.

Mishahara pia inaguswa. Anayeingia kazini 22:00 na kutoka 6:00 kwa kawaida anafanya masaa manane. Usiku wa mwezi wa kumi anafanya tisa, na wa mwezi wa tatu anafanya saba, ingawa karatasi inasoma 22:00 hadi 6:00 kila mara. Kama dada anahesabu masaa yake ili ajue makuta atakayotuma nyumbani, saa ile ya tisa inafaa aiandike waziwazi.

Simu iliyowekwa vibaya

Huko Miti kwenyewe kuna kosa linaloweza kukaa kimya kwa miezi saba. Simu iliyotoka Ulaya kama zawadi inaweza kuwa bado imewekwa saa ya Brussels. Wakati wa joto hakuna anayeona, maana saa ni ileile. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, simu inarudi nyuma yenyewe usiku, na asubuhi mwenye nayo anachelewa misa kwa saa nzima.

Kuitambua ni rahisi. Mtu afungue mipangilio ya saa na tarehe kwenye simu. Ikiwa imeandikwa Brussels, ndiyo hiyo. Kwa Miti inapaswa kusoma Lubumbashi, au Maputo, pamoja na GMT+2. Majina hayo yasimshangaze mtu: miji hiyo inafuata saa moja na Bukavu.

Vikao vya kila juma navyo vina hatari yake. Likelemba ya familia inayokutana kwa simu kila Jumapili 20:00 ya Brussels, Miti inaisikiliza saa mbili ya usiku wakati wa joto. Kuanzia tarehe 25 mwezi wa kumi, itakuwa saa tatu. Kikao hakikuhama. Kilikuwa kimefungwa kwenye saa ya Brussels, na ndiyo iliyohama. Wakikifunga kwenye saa ya Miti, ni watu wa Brussels watakaobadilisha, na Miti italala kwa wakati wake. Wenye ndugu Kanada au Amerika waongeze uangalifu: huko saa hubadilika kwa tarehe nyingine, Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Mwaka 2026 itarudi nyuma tarehe mosi mwezi wa kumi na moja, juma moja baada ya Ulaya.

Dawa ya yote ni kupatana kwa saa isiyosogea. Dada akimwambia mdogo wake «unipigie ikiwa 3:30 huko Miti», maneno hayo yana wakati mmoja tu, usiku wowote wa mwaka. Na kama jambo linaweza kungoja, waepuke kati ya saa nane na saa tisa ya usiku huo.

Tarehe 26 mwezi wa tatu 2019, Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuacha desturi hii kuanzia 2021. Lakini serikali za nchi hazikupatana, na saa zimeendelea kusogezwa. Siku zitakapopatana, Ubelgiji italazimika kuchagua kubaki na saa moja tu: ile inayolingana na Kinshasa, au ile inayolingana na Bukavu.