Shafti Inapojipinda Yenyewe

Washa feni kubwa ya kiwandani, kisha simama kando uiangalie ikipanda kasi. Mwanzo inazunguka kimya. Ghafla fremu inatetemeka, nati zinalia, na kabla hujaifikia swichi, mtikisiko umekwisha na feni inavuma kwa utulivu. Ukiizima, mtikisiko uleule unarudi kasi inaposhuka, karibu palepale. Wengi hukimbilia kulaumu beringi. Lakini beringi mbovu kwa kawaida haichagui kasi moja ya kusumbua. Mtikisiko unaokaa mahali pamoja, mashine ikipanda na ikishuka, ni wa kuushuku kuwa kasi ya hatari ya shafti.

Chanzo chake ni kidogo mno. Hakuna diski ambayo kitovu cha uzito wake kimekaa sawasawa kwenye mstari wa katikati wa shafti. Hata fundi mkerezaji hodari huacha kosa la sehemu ya milimita. Diski ikizunguka, kosa hilo huivuta nje na shafti inapinda. Ikishapinda, uzito umesogea mbali zaidi na kati, kwa hiyo mvuto unaongezeka. Kinachoizuia ni ukakamavu wa shafti, yaani nguvu inayotakiwa ili kuipinda milimita moja. Ukakamavu huo haubadiliki, ilhali mvuto wa nje hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikifika asilimia 95 ya ile ya hatari, mpindo huwa zaidi ya mara tisa ya kosa la awali. Viwili hivyo vikilingana, shafti hubaki imepinda huku upinde wake ukizunguka, kama kamba ya kuruka mikononi mwa watoto wawili, na kinachoishikilia ni msuguano tu.

Tuchukue shafti ya feleji yenye kipenyo cha milimita 30, beringi zake mbili zikiwa milimita 800 mbali, na diski ya kilo 20 katikati. Kuipinda milimita moja kunahitaji uzito wa takriban kilo 76, hivyo kwa uzito wa diski inalegea milimita 0.26 hivi. Mafundi wana njia ya mkato: gawa 946 kwa kipeuo cha pili cha mlegeo huo. Jibu ni mizunguko 1,840 kwa dakika. Ukihesabu na uzito wa shafti yenyewe, inashuka hadi karibu 1,750. Mota ya kawaida ya 1,450 iko karibu mno na hapo, kwani wahandisi wengi hupenda nafasi ya asilimia 20 au zaidi, na fremu iliyolegea huishusha kasi hiyo tena.

Dawa ya kwanza inayowajia watu ni feleji ngumu zaidi, ya bei kubwa. Haisaidii. Feleji ngumu huchelewa kuvunjika au kubaki imepinda, lakini aina zote za feleji hupinda karibu sawa chini ya mzigo uleule. Kusawazisha diski nako hupunguza mtikisiko, ila hakuhamishi kasi ya hatari. Kinachoihamisha ni umbo. Ukakamavu hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: shafti ya milimita 40 ni kakamavu zaidi ya mara tatu ya ile ya 30, na kasi ya hatari inapanda hadi karibu 3,000. Kwa mota ya 1,450, tumepona. Kwa mota ya 2,900, unene huo umetupeleka mdomoni mwa hatari. Ile nyembamba ingekuwa salama zaidi, maana ingefanya kazi juu ya kasi yake.

Mwaka 1869 Mskoti Rankine aliandika kwamba kuivuka kasi hiyo haiwezekani. Miaka ishirini baadaye, Msweden Gustaf de Laval alifunga turbini yake ya mvuke kwenye shafti nyembamba makusudi, ikazunguka hadi mara 30,000 kwa dakika, juu kabisa ya kasi ya hatari. Föppl alieleza sababu mwaka 1895, na Jeffcott akaifafanua mwaka 1919: ukishavuka, shafti hupinda upande wa pili, na kitovu cha uzito kinasogea kwenye mstari wa mzunguko badala ya kuukimbia. Sharti ni kupita haraka, maana mpindo unahitaji muda ili ukue.

Hata huko juu kuna mtego. Diski iliyoshikwa kwa kubanwa tu, ikawa inasuguana kidogo na shafti kila inapopinda, inaweza kuiendesha shafti izungushe upinde wake yenyewe. Dalili yake ni kwamba mtikisiko hautulii kadiri unavyopandisha kasi, na ukiupima unakuta hauendani na mizunguko ya mashine. Umebaki kwenye kasi ileile ya hatari iliyokwisha kupitwa.